Keshi, floti na meli ya asubuhi: hesabu ya kibanda cha uwakala Mkoani

Kila mwanachuo anaijua siku ya bumu. Pesa ya mkopo ikishaingia, saa moja haipiti, mawakala wote wa karibu na chuo wanakwambia neno moja: "Keshi imeisha." Unazunguka vibanda vinne na kila kimoja kina mtu, kina simu, kina bango, ila hela ya kukupa hakina. Wengi wetu huondoka tukisema wakala yule hana mtaji. Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo, mpaka likizo moja nilipokaa miezi miwili kwenye kibanda cha khalati wangu Mkoani, Pemba, njia ya kuteremkia bandarini. Hapo ndipo nilipojua kwamba siku ile ya bumu wakala anakuwa na mtaji wake wote, haujapungua hata shilingi. Tatizo ni kwamba wote umehamia kwenye simu.

Nayaandika haya kwa sababu wenzangu kadhaa wameniambia wakimaliza chuo wanataka kufungua uwakala. Mipango yao ya biashara nimeiona. Ina ukurasa wa dira, ukurasa wa dhamira na jadweli ya faida ya miaka mitatu. Sijaona hata mmoja unaojibu suala ambalo khalati analijibu kila asubuhi kabla hajafungua dirisha: leo pesa itakwenda upande gani?

Mtaji mmoja, mifuko miwili

Tuanze na kanuni ambayo ndiyo biashara yenyewe. Mteja akija kutoa pesa, yeye anakutumia floti kwenye laini yako ya uwakala na wewe unampa keshi. Floti inapanda, keshi inashuka. Akija kuweka, anakupa keshi na wewe unamtumia floti, kwa hiyo inakuwa kinyume chake. Kwa vyovyote jumla haibadiliki. Kama ulianza na milioni tatu, basi jioni keshi iliyomo droo na kwenye sanduku, ukijumlisha na floti ya laini zako zote, lazima iwe milioni tatu. Ikizidi ni kamisheni, kama mtandao wako unaiingiza hapo hapo. Ikipungua, kuna kosa au kuna wizi, na lazima ulijue usiku ule ule, maana wiki ijayo hutokumbuka nani alikuja saa ngapi.

Khalati hufunga hesabu hii mara mbili, adhuhuri na jioni. Mimi niliona usumbufu. Baadaye nilielewa: hesabu ikigoma jioni, una miamala thelathini ya kutafuta kosa. Ukiwa ulishafunga adhuhuri na ikakaa sawa, unatafuta kwenye kumi na tano tu.

Jambo la pili la kujua ni kwamba keshi ni moja kwa mitandao yote lakini floti si moja. Noti ya elfu kumi inamhudumia mteja wa M-Pesa, wa Airtel Money au wa HaloPesa bila ya kuuliza. Floti ya M-Pesa haiwezi kumwekea mteja wa Airtel Money kwenye laini yako ya Airtel. Kwa hiyo mwenye milioni moja na nusu ya floti akiigawa kwenye mitandao minne anabaki na vijilaki vidogo vidogo, na kila siku kuna laini moja imekauka wakati nyengine imejaa bila kazi. Ushauri wangu kwa anayeanza ni laini mbili. Kwa Pemba angalia kwanza majirani wanatumia nini. Wazee wengi huku walianza na Zantel, na Zantel pamoja na Tigo waligeuka kuwa Yas mwaka 2024, ndiyo maana huduma yao ya pesa sasa unaisoma kwenye mabango kama Mixx by Yas. Siku moja ukae barazani na uhesabu watu wanauliza mtandao upi, itakusaidia kuliko bango lolote.

Siku mbili kabla ya Iddi

Tuchukue siku moja tuifanyie hesabu. Tarakimu nazikadiria ili zihesabike kwa urahisi, lakini umbo la siku ndilo nililoliona. Mtaji ni 3,000,000 na wakala ameugawa nusu kwa nusu: keshi 1,500,000 na floti 1,500,000. Mgao huu ndio unaoandikwa kwenye kila mpango wa biashara, kwa sababu unaonekana wa haki.

Siku mbili kabla ya sikukuu, walioko Unguja, Dar es Salaam na hata Oman wanatuma pesa nyumbani. Mkoani ni upande wa kupokea. Kuanzia saa mbili hadi saa sita wanakuja watu 15 kutoa, kila mmoja kwa wastani 80,000, jumla 1,200,000. Wanaoweka ni wawili tu, 50,000 kila mmoja. Adhuhuri wakala ana keshi 400,000 na floti 2,600,000. Baada ya adhuhuri wanakuja wengine 10 kutoa 80,000 kila mmoja, na wanne kuweka 50,000. Keshi aliyokuwa nayo pamoja na iliyoingia ni 600,000. Inatosha watu saba. Watatu wanarudi mikono mitupu. Anafunga akiwa na keshi 40,000 na floti 2,960,000.

Ukiangalia haraka utasema amekosa kamisheni ya watu watatu, si kitu. Hasara yenyewe inaonekana kesho. Kesho ni siku moja kabla ya Iddi, ndiyo siku kubwa kupita zote, na yeye anafungua dirisha akiwa na elfu arobaini. Mteja wa kwanza anataka laki. Na wale watatu wa jana hawatakuja kujaribu tena, wameshamjua wakala mwengine aliyewapa.

Kwa hiyo mgao wa nusu kwa nusu ni jibu la siku ambayo hujui lolote. Mkoani mtu anajua mengi. Wiki ya sikukuu na siku za mwisho wa mwezi ni za kutoa. Siku ya meli ni ya kutoa vile vile, kwani mizigo ikiteremka kuna wachukuzi wa kulipwa na gari za kukodi, na wao wanataka noti mkononi. Siku hizo khalati huanza na keshi zaidi ya milioni mbili na floti iliyobaki.

Halafu inakuja karafuu, na upepo unageuka. Kwa kawaida mavuno makubwa yako nusu ya pili ya mwaka. Mwenye shamba anauza kwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, na wachumaji wanalipwa kwa pishi walizochuma. Mchumaji aliyetoka mbali hataki kulala na pesa kambini. Anakuja kuiweka, au anaituma kwa mke wake siku ile ile. Sasa keshi inajaa droo na floti ndiyo inayokauka. Wakala aliyezoea mgao wa Iddi atawarudisha wachumaji akiwa amekalia milioni mbili za noti. Tena usinakili mwaka uliopita bila kufikiri. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka, mwaka mmoja unabeba na unaofuata unapumzika. Kabla ya kupanga floti ya msimu, waulize wenye mashamba mikarafuu ya mwaka huu ikoje.

Mteja wa kinyume

Mizani ikishalala upande mmoja, utaisawazisha vipi? Njia wanayoijua wengi ni safari. Unapanda gari ya 603 kwenda Chake Chake, benki au kwa wakala mkuu, ukageuze floti kuwa keshi au keshi kuwa floti, halafu unarudi. Safari hiyo ina gharama tatu: nauli, nusu siku ambayo dirisha limefungwa au limeachiwa mtu mwengine, na hatari ya kubeba fedha kwenye mkoba ndani ya gari ambayo kila mtu anajua wewe ni nani.

Njia ya pili ni ya akili zaidi, nayo sijaiona kwenye mpango wowote wa biashara. Tafuta mteja ambaye pesa yake inakwenda kinyume na ya wenzake. Khalati anaye mmoja, mwenye duka la jumla la unga na mchele. Wiki ya Iddi, wakati mji mzima unatoa, yeye anauza kuliko siku zote na droo yake imejaa noti. Na anahitaji kumlipa aliyemletea mzigo kutoka Unguja. Kwa hiyo anakuja kuweka. Turudi kwenye mfano wetu: wakala ana keshi 40,000 na floti 2,960,000, mwenye duka akaweka 1,000,000. Keshi inakuwa 1,040,000 na floti 1,960,000. Safari ya Chake imeokolewa, dirisha halikufungwa, na wakala amelipwa kamisheni juu yake. Muamala ule mmoja unawafungulia njia watu kumi na tatu wa kutoa elfu themanini themanini.

Basi mtu huyu hapimwi kwa kamisheni yake. Anapimwa kwa wale ambao asingekuwepo wangerudi. Khalati akimuona anamtolea kiti na kumsubirisha wa nyuma. Mimi nilidhani ni kwa sababu ya utajiri wake.

Ila muamala huo ufanywe kama ulivyo. Usimkatie milioni moja vipande vipande ili ulipwe kamisheni ya miamala mingi. Mitandao inauona mchezo huo kwenye kumbukumbu zake na kamisheni inazuiwa, au laini inafungwa. Na usimtoze mteja yeyote senti ya ziada juu ya bei iliyobandikwa, hata siku ambayo keshi ni adimu kama maji ya kiangazi.

Kamisheni: inaingia kwa vijiko

Sasa mapato. Kamisheni inatofautiana kwa mtandao na kwa kiasi cha muamala, na kodi ya zuio inakatwa kabla haijakufikia, kwa hiyo usipange kwa jadweli ya kwenye karatasi. Panga kwa kilichoingia kweli mwisho wa mwezi ukigawa kwa idadi ya miamala. Tuseme kwa wastani imebaki shilingi 350 kwa muamala. Miamala 30 kwa siku, siku 26 za kazi, ni miamala 780. Mapato ni 273,000.

Toa kodi ya kibanda 50,000, umeme na simu 15,000, safari za Chake 40,000, na akiba ya makosa 20,000. Imebaki 148,000. Ukimuweka kijana dirishani kwa 100,000, mwenye mtaji anabaki na 48,000 kwa milioni tatu zake. Kwa gharama hizo zote, 225,000, lazima upate miamala kama 25 kila siku ndipo usile mtaji. Cha ishirini na sita ndicho chako.

Hesabu hii inasema mambo mawili waziwazi. La kwanza, uwakala haubebi mkopo wenye riba. Ukikopa milioni tatu kwa asilimia tatu kwa mwezi unadaiwa 90,000, wakati kibanda kimekupa 48,000. Mtaji wa uwakala uwe wako, au wa jamaa anayekubali gawio la faida ikipatikana. La pili, kibanda cha uwakala peke yake ni chembamba. Ndiyo maana wenye akili wanauza pia vocha, vinywaji au vifaa vya simu dirisha lile lile, kodi ikagawanywa.

Na kuongeza mtaji je? Mtaji ukiwa mara mbili haufanyi kamisheni iwe mara mbili. Unasaidia tu kama kuna watu unawarudisha. Khalati ana daftari dogo la waliorudi: saa, kutoa au kuweka, mtandao, kiasi. Wiki mbili za daftari lile zinakwambia ukweli. Wakirudi watu wa kutoa asubuhi na wa kuweka jioni, huna uhaba wa mtaji, umekosea mgao. Wakirudi pande zote mbili siku moja, hapo ndipo mtaji mdogo. Na ikiwa harudi mtu, ukiongeza milioni unaiweka tu ilale.

Keshi iliyolala

Ulinzi watu huuwaza kama suala la nondo na kufuli. Kwangu mimi ni suala lile lile la floti. Floti haiibiwi kwa kuvunja mlango, inalindwa na namba ya siri. Keshi inaibiwa. Kwa hiyo usiku unataka floti nyingi na keshi kidogo, na asubuhi ya siku ya meli unataka kinyume. Suala ni keshi kiasi gani ilale kibandani, na jibu ni hili: isizidi ile utakayohitaji mpaka keshi nyengine itakapokufikia kesho. Khalati alimuomba mwenye duka asilete milioni yake jioni, ailete saa mbili asubuhi. Pesa yake inalala kwake kama ilivyokuwa ikilala siku zote, na kibanda kinafunguliwa na laki chache za kuanzia. Mchana, droo ya dirishani haikai zaidi ya laki tatu. Nyengine iko kwenye sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti sakafuni, na halifunguliwi mbele ya mteja.

Lakini mwizi mkubwa wa biashara hii havunji mlango. Anakuja na ujumbe. Mtu anakuonesha simu yake, "Nishatuma, angalia," na kweli simu yako imelia na ujumbe unasema umepokea laki mbili. Ukiutazama vizuri umetoka namba ya kawaida, si jina la mtandao. Na hata likiwa jina la mtandao, dawa ni moja: usiamini ujumbe, angalia salio. Kama salio halijapanda, pesa haijaja. Mwengine anapiga simu kujifanya mtu wa huduma kwa wateja, akuongoze "kurekebisha laini" kwa kubonyeza hiki na kile, mwisho wake unaingiza namba ya siri na umemtumia floti kwa mkono wako. Sheria ya khalati: anayepiga akitaka ubonyeze kitu, kata, kisha piga wewe mwenyewe namba ya mtandao.

Na kuna hatari ya tatu, ambayo si mwizi, ni mimi.

Ilikuwa siku ya meli, dirishani watu saba. Bwana mmoja alitaka kumuwekea kaka yake 200,000. Akanitajia namba, nikaiandika huku namjibu mwengine. Tarakimu mbili za mwisho nilizigeuza. Jina likatokea kwenye skrini na sikulisoma, nikathibitisha. Dakika tano baadaye kaka mtu akapiga, hajaona kitu. Tulipiga simu kuomba muamala urudishwe, lakini aliyepokea alishaitoa. Khalati akachukua laki mbili kwenye sanduku akamtumia yule kaka, maana mteja hakukosea. Mimi akanipa kalamu: "Iandike daftarini, mwanangu."

Niliiandika, na usiku nikaifanyia hesabu. Laki mbili kwa shilingi 350 ni miamala 571. Kwa miamala thelathini kwa siku ni siku kumi na tisa za kukaa dirishani kwa ajili ya tarakimu mbili. Nilikuwa na mwezi mmoja tu umebaki wa likizo.

Tokea siku ile nafuata mpangilio wake neno kwa neno. Wa kuweka: hesabu noti kwanza mbele yake na uziache mezani zionekane, aisome namba, wewe uisome tena kwa sauti, jina likitokea, litaje na umngoje aseme ndiye, ndipo uthibitishe, na noti ziingie droo mwisho kabisa. Wa kutoa: subiri ujumbe, angalia salio, andika daftarini, atie saini, ndipo uhesabu keshi, yeye naye aihesabu hapo hapo kabla hajaondoka dirishani. Hayachukui hata dakika moja zaidi. Foleni ikinung'unika, inung'unike.

Kwa hiyo mwenzangu mwenye mpango wa biashara, acha ukurasa wa dira kwanza. Nenda pale unapotaka kufungua, kaa wiki mbili na daftari la mistari minne: nani anatoa, nani anaweka, saa ngapi, mtandao gani. Tia alama siku za meli, mishahara na karafuu. Kisha mtafute mwenye duka ambaye noti zake zinajaa wakati za kwako zinaisha. Ukishampata, nenda kachukue leseni.